Sweta Linalovuliwa Ruaha Mbuyuni

Basi la Dar es Salaam likitoka Makete alfajiri, baridi iliyomo ndani inatosha kuwanyamazisha abiria wote. Watu wamejikunyata ndani ya masweta, wengine wamejifunika mashuka ya Kimasai, na vioo vimejaa mvuke. Linapita Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa. Kisha linateremka kona za Kitonga, na likifika Ruaha Mbuyuni, pale wachuuzi wanapoinua mafungu ya vitunguu hadi madirishani, joto linaingia kwa ghafla. Hapo masweta huvuliwa. Mtu analikunja lake, analisukuma chini kabisa ya begi, asijue kwamba litakaa humo miezi, na kwamba kuna usiku atalitoa, si kwa baridi, bali alinuse moshi wa jiko la mama yake.

Tumfuate abiria mmoja wa namna hiyo: binti wa miaka 20 anayekwenda kuanza mwaka wa kwanza wa chuo. Si mtu mmoja. Ni wengi waliopita barabara hiyo, tumewaweka katika mwili mmoja ili jambo lieleweke. Ametoka nyanda za juu, jirani na Kitulo, uwanda ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda usiku. Anashuka kituo cha Mbezi Luis, katika mji ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu 5,383,728.

Siku tatu za mwanzo hana shida. Kuna usajili, kuna foleni, kuna kutafuta chumba, kuna magodoro ya kubeba. Mtu mwenye mambo mengi mikononi hana nafasi ya kukumbuka. Shida huanza mambo yakitulia, tena huanzia mahali asipopategemea. Alijua atamkumbuka mama. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakujiandaa kwa chai. Maji ya kisima cha hosteli yana chumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo haina ladha anayoijua, hata aongeze majani na sukari. Ugali ni wa sembe, mweupe na mlaini, unashuka kooni bila kuacha kitu tumboni, wakati yeye amekulia dona na viazi. Usiku hakuna giza. Taa za jirani zinaingia dirishani, muziki wa baa unapiga hadi saa nane, na bajaji hazilali.

Halafu kuna salamu. Kijijini kwao huwezi kumpita mtu njiani bila kusema kamwene, na ukisema hivyo utaulizwa habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe aliyezaa juzi. Ndani ya daladala ya Dar aliwaamkia waliokaa kiti cha nyuma, kwa sauti, kama alivyozoea. Wawili walimtazama. Mmoja alicheka. Kuanzia siku hiyo akawa anapanda na kukaa kimya kama wenzake, na kila akinyamaza anahisi amefanya utovu wa adabu.

Ukimuuliza anaumwa nini, hawezi kusema. Kiswahili kina maneno ya jirani na jambo hili, kama ukiwa, kihoro na majonzi, lakini watu wengi husema tu kwamba wamepakumbuka nyumbani, na vijana wa mjini husema wamepamisi. Ni maneno mepesi, na wepesi wake unadanganya, maana anayeyasikia hudhani dawa yake ni kulala ukaamka umesahau.

Waganga wa Ulaya hawakulichukulia kwa wepesi huo. Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 19, Johannes Hofer, aliandika tasnifu juu ya ugonjwa huo na kuutungia jina. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, akayaunga likawa nostalgia. Wagonjwa aliowaeleza wangeweza kuwa wa leo. Mmoja alikuwa kijana wa Bern aliyekwenda kusoma Basel. Alikonda, akashikwa na homa, hata watu wakaanza kumwombea. Alipoambiwa kwamba anarudishwa kwao, nguvu zikaanza kurudi, na kabla hajafika Bern alikuwa amepona. Mwingine alikuwa binti wa shamba aliyeanguka akalazwa hospitali. Alikataa chakula na dawa, na kila aliyemsogelea alimwambia neno lilelile moja, kwamba anataka kwao. Wazazi wakamchukua, na siku chache baadaye akawa mzima.

Baadaye Mswisi mwingine, Johann Jakob Scheuchzer wa Zurich, akaja na maelezo yake. Alisema watu wa milimani wamezoea hewa nyepesi, hivyo wakiteremka tambarare hewa nzito inawakandamiza mwili na kuziba mwendo wa damu. Tiba yake ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao, na isipowezekana apandishwe kilimani au walau mnarani. Alikosea. Lakini mtu wa Makete aliyeteremka Kitonga na kuhisi kifua kinabanwa na joto la Dar angemwelewa upesi sana, na huenda angeomba aonyeshwe huo mnara.

Kosa la wazee hao lina funzo moja ambalo bado linahitajika. Kukumbuka nyumbani huondoa usingizi, hukata hamu ya kula, huleta maumivu ya kichwa na tumbo. Homa hakuleti. Na binti wa nyanda za juu ana sababu ya pekee ya kulijua hilo. Kwao malaria ni nadra, kwa sababu mbu wanaoieneza hawastawi kwenye baridi ile. Kwa hiyo mwili wake haujapata kinga ambayo mtoto wa pwani huijenga kidogo kidogo kwa kuugua mara kwa mara, na mkono wake haujazoea kushusha chandarua kila jioni. Wiki ya nne anapotetemeka na kuungua, wenzake wanasema amezidiwa na mawazo ya kwao, na yeye mwenyewe anakubali, maana ni kweli alikuwa analia jana. Mawazo yanaweza kuwepo na malaria ikawepo pia. Mtu wa baridi aliyehamia pwani akipata homa, mahali pa kwanza ni zahanati, kuchomwa kidole na kupimwa, siku hiyohiyo. Kwa mwili usio na kinga, malaria inaweza kuwa kali ndani ya muda mfupi.

Tuseme amepimwa, hana vijidudu. Bado haelewi kwa nini amekuwa mzito wa kichwa. Amesahau funguo mara mbili. Anasoma ukurasa, anafika mwisho, hakumbuki mwanzo. Jana alishuka kituo kisicho chake. Mwanasaikolojia wa Uingereza Shirley Fisher na wenzake walifuatilia jambo hili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo katika miaka ya 1980, na waliona mambo mawili yanayomhusu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi waliowauliza walikiri kupakumbuka nyumbani, kwa hiyo anayelia chooni huenda analia ukuta mmoja na mwenzake. La pili ni huo usahaulifu: wanaokumbuka sana kwao ndio waliokuwa wakisahau na kukosea mambo madogo ya kila siku. Akili haijapungua. Sehemu yake moja iko safarini, inarudi nyumbani kila inapopata upenyo, na kilichobaki hakitoshi kwa funguo na kitabu.

Fisher aliona pia kwamba mawazo ya nyumbani hayagawanyiki sawa katika siku. Yanamjia mtu zaidi akiwa ametulia, akili haina kazi, kuliko anapokuwa katikati ya shughuli. Ndiyo maana binti wetu yuko salama katika kipindi cha asubuhi na anaporomoka jioni. Saa kumi na mbili, kwao, ni wakati wa moshi kupanda, mbuzi kurudi na mtu kuitwa kwa jina kutoka upande wa pili wa bonde. Kwenye hosteli ni wakati wa kukaa juu ya kitanda.

Sasa, akifanya nini atoke hapo? Wengi watamwambia asahau kwao, ajichanganye. Wengine, hasa mama, watamwambia apige simu kila siku. Watafiti wa Uholanzi, akiwemo Margaret Stroebe aliyetumia miaka mingi kuchunguza msiba na wafiwa, walitoa mwaka 2016 maelezo yanayozipatanisha kauli hizo mbili. Wanaona kukumbuka nyumbani ni kama msiba mdogo: kuna kitu kimeondoka, ingawa hakuna aliyekufa. Na aliye katika hali hiyo ana kazi mbili. Moja ni kuuombolezea ule upungufu, yaani kulia, kupiga simu, kutazama picha, kunusa sweta. Nyingine ni kuujua mji: njia zake, bei zake, watu wake. Anayepona ni yule anayekwenda na kurudi kati ya kazi hizo. Anayeng'ang'ania moja tu, yoyote kati ya hizo mbili, ndiye hukwama.

Kukwama upande wa kwanza ni rahisi kukutambua. Simu imemaliza kifurushi kabla ya saa sita mchana. Kila tangazo la kundi la ukoo kwenye Wotsapu analijua kabla ya walioko kijijini: nani ameoza mtoto, shamba la nani limeliwa na ngedere. Mwezi wa pili sasa, na jina la anayelala kitanda cha juu yake halijui. Kukwama upande wa pili ni kugumu kidogo kukuona, kwa sababu kunafanana na ushujaa. Huyu amebadili lafudhi ndani ya wiki tatu, hapokei simu za nyumbani kwa sababu zinamwondolea nguvu, hataki hata kuulizwa kwao ni wapi. Anaonekana amezoea mji. Kisha wimbo wa kwaya unapigwa dukani kwa Mangi, anaganda na chenji mkononi.

Simu yenyewe inastahili neno. Zamani aliyekwenda mjini aliandika barua, akangoja majibu mwezi mzima, au alituma kadi ya salamu redioni na kuomba wazee wawe karibu na redio siku hiyo. Habari zilifika zimepoa. Siku hizi mama anaonekana kwenye kioo, na nyuma yake jiko linawaka, na mdogo wake amekalia kile kigoda chake. Kwa wengine hilo linatuliza. Kwa wengine linachubua kidonda palepale kilipoanza kukauka. Kipimo ni dakika zinazofuata baada ya kukata simu: ukijikuta umeinuka kwenda kufua, simu hiyo imekujenga, ukijikuta umerudi kulala na viatu, afadhali ile ya kesho ipigwe asubuhi kabla ya kipindi, si jioni kabla ya giza. Na kuna uongo mmoja ambao familia zetu zimeufanya desturi. Mtoto husema anaendelea vizuri, mama naye husema huku ni wazima wote, kisha wote wawili wanakata simu na kujifuta macho. Sentensi moja ya kweli, kama vile jana sikulala mama, ina nafuu kuliko nusu saa ya uongo huo.

Dar es Salaam ilikuwa na njia yake ya kumpokea mgeni kabla hakujawa na hosteli. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji huo katika miaka ya 1950, alieleza jinsi mtu wa bara alivyoingia: alikuwa na jina la ndugu na mtaa anakokaa, akaenda moja kwa moja kwake, akapewa pa kulala, na ndugu huyo ndiye aliyemtembeza mjini na kumtafutia kibarua. Nyumba yenyewe ilisaidia. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambamo wapangaji wote wanapika, wanafua na kuchambua mchicha pamoja. Hata asiye na ndugu hakuweza kukaa siku mbili bila kuulizwa kwao ni wapi. Ua ulikuwa na kelele, ugomvi wa maji na umbea mwingi, lakini upweke ulikosa pa kukaa.

Makabila nayo yalikuwa na vyama vyake mjini, vya kuzikana na kukopeshana, na mabaki yake yapo hadi leo kwa majina mengine. Wakinga wa Makete wanajulikana Kariakoo kwa biashara. Kijana akifika na kutaja kijiji chake, kuna uwezekano mkubwa atakutana na anayewajua babu zake. Binti wetu alipata yake kanisani, kwenye kwaya. Hakufuata uimbaji. Alikwenda kwa sababu siku ya mazoezi ni Jumatano saa kumi na moja na nusu, yaani ile saa mbaya ya jioni, na kwa sababu mama mmoja wa sauti ya pili alimuuliza jina la ukoo, akalirudia vizuri, kisha Jumatano iliyofuata akalikumbuka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa maoni ya mwandishi huyu. Tunadhani mhamiaji anakosa mahali. Mahali anapakosa, ni kweli, lakini kinachomla zaidi ni kwamba kule alikuwa binti wa fulani, mjukuu wa fulani, yule aliyewahi kudondoka kisimani akiwa na miaka sita. Hapa ni namba ya usajili. Kahawa na maji matamu vinanunuliwa. Mtu wa kukumbuka jina lako Jumatano ijayo hanunuliki, na humpati mpaka urudi palepale mara ya pili, ya tatu na ya nne. Ndiyo sababu kitu kidogo cha kila wiki, kwaya, timu ya mtaa, kijiwe kilekile cha chipsi, husaidia kuliko matembezi makubwa ya siku moja ufukweni Coco.

Kwa wanafunzi wengi mawimbi hupungua ndani ya miezi michache. Hayakatiki, yanarudi sikukuu, yanarudi mtu akiugua, yanarudi ikinyesha. Likidumu bila kupungua, kuna jambo jingine la kutazama. Aliyepakumbuka nyumbani bado anaweza kucheka akichekeshwa, na habari njema kutoka kwao humwinua. Mwenye sonona hata nyumbani kwenyewe hakumfurahishi tena. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo karibu siku nzima mtu hana raha na kitu chochote, hali wala halali sawasawa, anajiona hana thamani au anataja kifo, huyo hahitaji nauli tu, anahitaji mganga wa hospitali, na anayelala naye chumba kimoja ndiye mara nyingi wa kwanza kuona.

Yupo abiria mwingine katika basi lilelile. Ana miaka 16, hana barua ya chuo. Shangazi wa mtu fulani alikuja kijijini akasema kuna mama Dar anatafuta dada wa kazi, na wazazi wakakubali siku hiyohiyo. Fisher alionyesha kwamba asiyekuwa na sauti katika uamuzi wa kuhama ndiye huumia zaidi na kumbukumbu za nyumbani, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huyu. Mwanafunzi ana wenzake elfu walio katika hali yake, ana likizo iliyoandikwa kwenye kalenda. Dada wa kazi yuko peke yake nyuma ya geti. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Simu, kama anayo, inashikwa na bosi. Na jina lake limebadilika likawa dada, hata kwa watoto anaowaogesha. Akilia huambiwa ana kisirani. Akisahau chumvi huambiwa akili yake iko kijijini, na hapo, bila kujua, bosi amesema kweli tupu.

Kwake kwaya ya Jumatano si ushauri, ni ndoto, mpaka mwenye nyumba amfungulie geti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi, baada ya mwaka mmoja wa kazi, likizo ya malipo isiyopungua siku 28. Haisemi isipokuwa wa jikoni. Kama nyumbani kwako yupo msichana aliyevua sweta lake Ruaha Mbuyuni, hesabu ameingia mwezi gani, mwambie leo tarehe atakayopanda basi kurudi kuwaona, na umwite kwa jina alilopewa na bibi yake.